Homa ya wiki tatu isiyojulikana chanzo: namna ya kusaka maambukizi ya vali, jipu na kifua kikuu

Kila kundi jipya la madaktari wa mafunzo kazini likifika wodini, swali linakuja lilelile: "Mgonjwa ana homa karibu mwezi, malaria hamna, taifodi nimeshatibu, sasa nimpe dawa gani?" Jibu langu huwaudhi kidogo. Usimpe dawa. Kamchukue damu kwanza, halafu rudi umpime upya kuanzia utosini.

Mwongozo huu ni wa daktari au tabibu wa hospitali ya wilaya au mkoa: una eksirei, altrasaundi na mashine ya GeneXpert, pengine na maabara ya kuotesha damu, lakini siti skani iko mbali. Ni wa mgonjwa mtu mzima ambaye hali yake bado inaruhusu kusubiri. Watoto wachanga na wagonjwa wa saratani walio kwenye dawa zinazoshusha chembe nyeupe wana njia yao nyingine.

Tukubaliane kwanza tunaongelea nini. Petersdorf na Beeson, mwaka 1961, waliiita homa isiyojulikana chanzo ile inayopita nyuzijoto 38.3 mara kadhaa, imedumu zaidi ya wiki tatu, na wiki nzima ya uchunguzi hospitalini haijatoa jibu. Siku hizi hatungoji wiki. Siku tatu za uchunguzi wa maana zinatosha. Sababu ni nyingi, zikiwemo saratani za tezi na magonjwa ya kinga. Hapa nashughulika na maambukizi matatu yanayojificha vizuri na yanayotibika: vali za moyo, jipu la ndani na kifua kikuu kilichosambaa.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kipimajoto kinachofanya kazi na chati ya joto inayojazwa kweli.
- Chupa sita za kuoteshea damu, yaani jozi tatu.
- Klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na spiriti, au spiriti ya asilimia 70.
- Tochi, stethoskopu, na glavu za kupimia njia ya haja kubwa.
- Vikopo vya makohozi na vya mkojo.
- Majibu ya VVU ya sasa hivi, siyo ya mwaka juzi.
- Mfuko wa dawa zote alizotumia mgonjwa tangu aanze kuumwa.

Huo wa mwisho ndio unaosahauliwa kuliko yote. Nitamtumia mgonjwa mmoja kuonyesha. Maelezo yake mengine nimeyabadilisha. Ni mwalimu wa sekondari, miaka 36, homa siku 26. Alisema hajatumia dawa "yoyote ya maana". Mumewe alipoleta mfuko wa nailoni na kuumwaga kitandani, zilitoka pakiti mbili tupu za dawa mseto ya malaria, siprofloksasini iliyobaki vidonge vitatu, na vichupa vitano vitupu vya seftriaksoni. Sindano ya mwisho alikuwa amechomwa siku mbili kabla ya kulazwa, kwenye kituo kimoja cha mtaani kilichomwambia taifodi imepanda. Vichupa vile ndivyo vilivyotueleza kila kilichofuata.

Hatua ya 1: Hakikisha homa ipo, kisha iache ionekane

Pima joto kila saa nne kwa siku mbili, usiku ukiwemo. Ondoa parasetamoli na diklofenaki za kupangwa kila saa nane. Mpe akihitaji tu, na iandikwe kwenye chati alipewa saa ngapi. Mwalimu wetu alikuwa na 37.1 kila asubuhi tulipopita raundi, na 38.6 kila jioni saa mbili. Daktari anayepita asubuhi peke yake angeandika "homa imeisha".

Usihangaike sana kusoma umbo la homa. Kupanda na kushuka kwake hakutofautishi jipu na kifua kikuu. Ninachotaka kwenye chati ni ukweli kwamba homa ipo, na siku ya kuanzia kuhesabu.

Hatua ya 2: Futa majina ya zamani

Malaria na taifodi humfunika mgonjwa kama shuka. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013, wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, ulikuta asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli kama chanzo cha homa walikuwa asilimia 1.6. Kaskazini kuna malaria chache kuliko kwingine, ni kweli, ila tabia ya kudhani ni ya nchi nzima.

Kipimo cha haraka cha malaria huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo angalia damu kwa hadubini. Na mtu mzima aliyekulia penye malaria anaweza kuonekana na vimelea vichache huku homa yake ikitoka kwingine kabisa. Kuhusu Widali, sitarefusha: kipimo kimoja chenye namba kubwa hakithibitishi taifodi. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha, na chupa za hatua ya 4 zitakujibu hilo pia.

Hatua ya 3: Mpime kana kwamba hajapimwa

Mvue nguo, mweke penye mwanga wa dirisha. Dakika ishirini hazitapotea. Kucha: tafuta vistari vyeusi au vyekundu kama kijiti kilichochoma chini ya ukucha. Vuta kope ya chini na utazame utando wa ndani. Kwenye ngozi nyeusi vidoa vya damu huonekana pale na kwenye kaakaa kuliko sehemu nyingine. Tazama meno, gonga yaliyooza. Papasa tezi za shingo, kwapa na kinena.

Moyo usikilizwe mgonjwa akiwa amelala ubavu wa kushoto, halafu akiwa amekaa na kuinamia mbele huku ametoa pumzi na kuishikilia. Ukimsikiliza chali tu, juu ya gauni, utakosa sauti ya vali inayovuja.

Kisha tafuta maumivu kwa kidole. Bonyeza katikati ya mbavu za chini upande wa kulia, kibonyezo kimoja kimoja. Jipu la ini humfanya mtu aruke panapoguswa sehemu moja maalumu. Gonga pingili za mgongo kwa ngumi laini. Mlaze ubavu, uvute paja nyuma. Akilia au akikataa kunyoosha nyonga, fikiria jipu la msuli wa soasi, ule unaoshuka kutoka mgongoni hadi kwenye paja. Mwisho, pima njia ya haja kubwa, hasa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au kuzaa karibuni. Jipu la nyonga hupatikana kwa kidole siku nyingi kabla ya mashine.

Kwa mwalimu tulipata vitu vitatu: sauti ya kupuliza kwenye ncha ya moyo iliyoelekea kwapani, vidoa viwili vyekundu ndani ya kope ya kushoto, na pengo la gego alilong'olewa miezi miwili nyuma. Mkojo ulikuwa na chembe nyekundu. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vinne kwa pamoja vinaelekeza kwenye vali.

Rudia upimaji huu kila siku ya pili. Sauti ya moyo isiyokuwepo Jumatatu inaweza kuwepo Alhamisi.

Hatua ya 4: Otesha damu, na uoteshe sawasawa

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo nakaa kidogo. Kwenye maambukizi ya vali, bakteria hutiririka kwenye damu muda wote, ila ni wachache. Mililita moja inaweza kuwa na mmoja, au kumi tu. Ukichukua mililita tatu ndani ya chupa, unacheza bahati nasibu.

Chukua jozi tatu kutoka sehemu tatu tofauti: mkono wa kulia, wa kushoto, kisha wa kulia tena mahali pengine. Kila chupa ijae mililita 8 hadi 10. Kati ya jozi ya kwanza na ya mwisho ipite saa moja au zaidi. Huna haja ya kungoja homa ipande. Kwa vali, damu ya saa nne asubuhi ni sawa na ya usiku wa manane.

Sugua ngozi kwa klorheksidini, iache ikauke sekunde thelathini bila kupepea, na usiguse tena mshipa kwa kidole. Futa mpira wa juu wa chupa kwa spiriti pia. Kifuniko cha plastiki kuwepo hakumaanishi mpira ni safi. Usivute damu kwenye kanula iliyokwishakaa mkononi. Andika kwenye kila chupa sehemu ilikotoka na saa. Usiweke kwenye friji. Peleka maabara ndani ya saa mbili, na uwaambie unatafuta maambukizi ya vali, wazitunze siku tano kamili.

Onyo: hakuna antibayotiki kabla ya jozi hizi. Isipokuwa mgonjwa ana presha iliyoshuka, anahema kwa shida, amechanganyikiwa, au moyo umeanza kushindwa. Huyo mchukulie jozi zote ndani ya dakika chache kutoka mikono tofauti, kisha anza dawa saa hiyohiyo.

Jozi tatu za mwalimu za siku ya kwanza hazikuotesha kitu. Kumbuka vichupa vitano vya seftriaksoni. Majibu haya hayakusema "hana bakteria". Yalisema "dawa bado iko kazini". Alikuwa ametulia, anakula, presha nzuri, kwa hiyo hatukumpa antibayotiki. Siku ya sita tulichukua jozi nyingine tatu. Kabla ya siku kuisha maabara walipiga simu: streptokoka wa kinywani, kwenye jozi zote.

Hatua ya 5: Tazama moyo

Omba eko kwa kila mwenye sauti ya vali, historia ya homa ya baridi yabisi, vali ya bandia, au damu iliyootesha streptokoka au stafilokoka aurea. Unachotafuta ni kinyama kinachocheza juu ya vali, jipu pembeni ya vali, au mvujo mpya.

Eko ya kifuani ikiwa safi haifuti ugonjwa. Kwa vali za asili hukosa kama wagonjwa watatu kwa kila kumi. Kwa vali za bandia hukosa zaidi. Shaka ikibaki, rudia baada ya siku tano hadi saba, au mpeleke kwenye eko ya kupitia koo, kama wanayofanya kwenye taasisi kubwa za moyo.

Eko ya kwanza ya mwalimu ilionyesha vali ya mitral iliyokakamaa kwa ugonjwa wa zamani wa baridi yabisi ambao hakuwahi kuujua, na mvujo. Kinyama hakikuonekana. Ya pili, siku ya tisa, ilionyesha kinyama cha milimita 9. Kwa vigezo vya Duke, vile vinavyogawa dalili kubwa na ndogo, alikuwa na kubwa mbili: damu iliyootesha na eko. Hapo ubishi uliisha. Alipewa seftriaksoni ileile, lakini gramu 2 kila siku kwa wiki nne. Siku tano za mtaani zilikuwa zimeficha ugonjwa bila kuuponya.

Hatua ya 6: Saka jipu

Anza na eksirei ya kifua, na usiishie kwenye mapafu. Kiwambo cha kulia kilichopanda, au maji kidogo chini ya pafu la kulia, mara nyingi ni jipu la ini au la chini ya kiwambo linalobisha hodi.

Halafu altrasaundi, na umpe mpimaji swali badala ya kuandika "tumbo zima". Andika: "Ini, bandama, figo zote na pembezoni mwake, nyonga kibofu kikiwa kimejaa, misuli ya soasi, je, kuna usaha?" Ini, bandama na figo huonekana vizuri. Soasi na katikati ya matumbo hufunikwa na gesi. "Haikuonekana vizuri" siyo "hakuna". Ikiwa nyonga bado haitaki kunyooka, huyo ndiye wa kusafirishwa kwa siti skani.

Jipu la ini la amiba huwapata zaidi wanaume watu wazima, upande wa kulia, na wengi wao hawana kuhara wala amiba kwenye choo. Choo kisafi kisikuzuie. Usaha wake ni wa rangi ya chokoleti na kwa kawaida haunuki. Ukitoa usaha wa jipu lolote, weka kwenye chupa ya kuoteshea na sehemu nyingine ipelekwe GeneXpert. Nimeona bomba zima la usaha likimwagwa kwenye sinki na nesi akiambiwa "tumeshaona ni usaha". Tumeona, ndiyo. Wa nini?

Soasi iwe ya kwanza kuhusishwa na mgongo: jipu pale na pingili iliyoliwa kwenye eksirei ni kifua kikuu cha mifupa hadi vipimo vikatae.

Hatua ya 7: Saka kifua kikuu mahali kilipo, siyo kwenye makohozi tu

Kifua kikuu kinacholeta homa ndefu bila kikohozi mara nyingi kimesambaa. Makohozi huwa hayapo au hayana kitu. Eksirei inaweza kuwa safi mwanzoni, na punje ndogo kama za mtama zikajitokeza wiki mbili baadaye; irudie.

Kwa mwenye VVU anayelazwa na dalili hizi, fanya kipimo cha mkojo cha LAM siku ya kwanza: mikrolita 60 za mkojo kwenye kipande, soma baada ya dakika 25. Ni rahisi, na huchanua zaidi pale kinga iliposhuka sana. Kikiwa hasi endelea kutafuta.

Altrasaundi uliyoomba hatua ya 6 itumie tena hapa: maji kuzunguka moyo, maji ya pafu, tezi za tumboni zinazozidi sentimita moja na nusu, vidoa vyeusi kwenye bandama. Kwa mwenye VVU, kimoja kati ya hivyo kinaongeza shaka sana.

Kisha chukua sampuli mahali ugonjwa ulipo. Tezi ya shingo: sindano ya kijani, vuta, weka GeneXpert. Maji ya pafu, maji ya uti wa mgongo kama kichwa kinauma, uboho kama damu imepungua bila sababu. Mashine ikiandika `MTB NOT DETECTED`, maana yake haikukuta kwenye sampuli hiyo. Ikiandika `MTB Trace DETECTED`, kwa mwenye VVU au sampuli ya nje ya mapafu ichukulie kuwa kifua kikuu. Kwa aliyewahi kutibiwa miaka ya karibuni, rudia na utafakari, kwani mashine huokota hata mabaki ya wadudu waliokufa.

Onyo: unapotafuta kifua kikuu usimpe levofloksasini "wakati tunangoja". Inaua kifua kikuu kiasi cha kushusha homa na kukuchanganya, bila kukiponya.

Ukikwama

*Chupa moja kati ya sita imeotesha stafilokoka wa ngozi.* Mara nyingi ni uchafu wa ngozi. Rudia jozi. Ila akiwa na vali ya bandia, au bakteria huyohuyo akitokea kwenye jozi mbili, mheshimu. Stafilokoka aurea usimwite uchafu hata akitokea kwenye chupa moja.

*Hakuna kilichoota, na hakuwahi kupewa dawa.* Muulize kuhusu ng'ombe, mbuzi, maziwa mabichi na kusaidia mifugo kuzaa. Bruselosi na homa ya Q hukaa kwenye vali bila kuota kirahisi. Zinatafutwa kwa kingamwili. Usikimbilie rifampisini na streptomaisini za bruselosi kabla ya kutafuta kifua kikuu, maana zote mbili zinakigusa.

*Homa imeshuka yenyewe.* Angalia kama kuna aliyempa diklofenaki au deksamethasoni. Dawa jamii ya steroidi hushusha homa ya karibu kila kitu, hufungulia njia maambukizi, na huficha saratani ya tezi.

*Damu imeotesha, dawa sahihi imeanza, na siku ya saba homa ipo.* Rudia kuotesha, rudia eko ukitafuta jipu la vali, piga altrasaundi ya bandama na figo, na ukague kanula zote mkononi. Mwalimu wetu homa yake iliisha siku ya nne, ikarudi siku ya kumi na mbili. Tulihaha nusu siku na altrasaundi. Ilikuwa kanula ya mkono wa kushoto, nyekundu na yenye uvimbe, iliyokaa siku sita. Ikatolewa, damu ikaoteshwa tena ikawa safi, na joto likashuka kesho yake.

*Mgonjwa anazidi kuisha na hakuna jibu.* Kwa mwenye kinga iliyoshuka na dalili za kusambaa, kuanza dawa za kifua kikuu bila uthibitisho kunakubalika, mradi sampuli zote zimeshachukuliwa. Andika tarehe na uzito. Wiki ya nne ikifika na homa iko palepale, na uzito haujapanda, fikiria kifua kikuu sugu kwa dawa au kwamba ulikosea jina la ugonjwa. Rudi hatua ya 3, na safari hii kinyama cha tezi kiende pia kwa mtaalamu wa patholojia.